Pedali ngumu si ushahidi kwamba breki zipo

*Nina Kosta inayopiga ruti ya Dodoma, Kondoa hadi Babati. Imekataliwa kwenye ukaguzi, mkaguzi kaandika breki ya nyuma kushoto haifanyi kazi. Fundi wangu wa Kizota anasema breki zipo, pedali ni ngumu na gari linasimama, ananishauri nimtafute mtu anitolee cheti nisipoteze siku za kazi. Je, mkaguzi anaweza kuwa amekosea?*

Mkaguzi hajakosea, na bila kuliona gari lako naweza kubashiri alichokifanya fundi wako. Silinda ya gurudumu la nyuma kushoto ilianza kuvuja. Badala ya kuibadilisha, akafungua bomba la breki linaloingia kwenye gurudumu hilo, akatia gololi ndani yake au akalikunja na kuligonga nyundo, kisha akakaza nati. Mafuta ya breki yakaacha kupungua, naye akakuambia kazi imekwisha. Katika miaka yangu ya kukagua magari nimekuta gololi za namna hiyo nyingi, na karibu kila mara mwenye gari alikuwa na maelezo kama yako: pedali ngumu, gari linasimama.

Hapo kwenye pedali ndipo watu wengi wanapopotea. Ugumu wa pedali unakuonyesha jambo moja tu, kwamba mafuta yamebanwa na hayana pa kutokea. Haukuonyeshi yamefika kwenye magurudumu mangapi. Ukiziba gurudumu moja, pedali huwa ngumu kuliko zamani, kwa sababu pale panapovuja pamezibwa na masta silinda sasa inajaza silinda chache. Dereva anakanyaga, anaona mguu hauzami, anaamini gari limepona. Kumbe gurudumu moja halina breki kabisa.

Kwenye mashine ya kupimia breki, ile yenye roli zinazozungusha magurudumu, jambo hili halijifichi. Kila gurudumu la ekseli hupimwa peke yake wakati pedali inakanyagwa. Tuseme gari kama lako limesoma kilonyutoni 4.0 kulia na 0.4 kushoto. Unatoa 0.4 kwenye 4.0 unabaki na 3.6, ukigawa kwa 4.0 unapata tofauti ya asilimia 90. Ulaya hukataa gari pale tofauti ya magurudumu ya ekseli moja inapozidi asilimia 30. Hizo 0.4 zilizoonekana upande wa kushoto si breki, ni uzito wa beringi na gia kuzunguka tu. Pasipo na mashine, mkaguzi huliendesha gari mahali tambarare, akakanyaga ghafla na kuona linavutia upande gani, halafu akagusa dramu kwa tahadhari. Upande mmoja una joto, mwingine baridi kama gari limelala.

Usiniamini mimi wala yeye, jaribu mwenyewe leo jioni. Egesha mahali tambarare, weka kabari kwenye magurudumu mengine, achia hendibreki, gia iwe nyutro. Inua gurudumu la nyuma kushoto kwa jeki na uliegemeze kwenye stendi imara, usiliache juu ya jeki peke yake. Mwambie kondakta akanyage breki na kushikilia, wewe uzungushe tairi kwa mikono. Likizunguka, gurudumu hilo halina breki. Rudia kwa kila gurudumu, maana aliyeziba moja hashindwi kuziba la pili. Kisha ingia chini ufuate bomba kwa kidole hadi nyuma ya gurudumu: bomba lililopondwa, lililokunjwa au lenye nati iliyochakaa kwa kufunguliwafunguliwa linajieleza lenyewe.

Sasa fikiria ruti yako. Kutoka Bereko kuteremka kuelekea Bonga gari limejaa abiria na mizigo juu. Kazi iliyopaswa kufanywa na magurudumu manne inafanywa na matatu, kwa hiyo dramu na mafuta ya hayo matatu yanapata joto zaidi. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, lakini hunyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya vya kutosha kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabanika. Pedali ile ngumu uliyokuwa ukijivunia inazama hadi sakafuni katikati ya mteremko. Hata pasipo mteremko, kwa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Suka akikanyaga ghafla kumkwepa ng'ombe huku lami imelowa, gurudumu la kulia linashika, la kushoto linaendelea kubingirika, na mkia wa gari unahama njia. Ndiyo maana nasema Kosta hiyo isibebe mtu hata mmoja mpaka itengenezwe.

Matengenezo yenyewe si ya miujiza. Toa dramu za nyuma zote mbili, weka silinda mpya pande zote mbili, kwa sababu ya kulia ina umri uleule. Brekishuu zilizolowa mafuta ya breki zitupwe. Atakayekuambia zioshwe kwa petroli kisha zichomwe moto mafuta yatoke, mwondoe kwenye gari lako: yaliyozama ndani hurudi juu dramu ikipata joto. Bomba lililogongwa libadilishwe lote, lisinyooshwe. Mwaga mafuta ya zamani, jaza mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la masta silinda, na utoe upepo ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Oili ya injini isikaribie hapo, inavimbisha mipira ya silinda zote na gharama yako itakuwa mara nne.

Kuhusu huyo mtu wa kukutolea cheti. Leseni ya usafirishaji ya LATRA inadai ripoti ya ukaguzi, hivyo naelewa siku zinakwenda na gari limelala. Lakini cheti ni maelezo ya hali ya gari lililoonekana kwa macho na kupimwa. Cha kununua kinaelezea gari ambalo halipo. Ikitokea ajali, gari litakaguliwa tena, na gololi itakutwa ndani ya bomba. Hapo polisi watakuuliza wewe mmiliki pamoja na dereva wako, na kampuni ya bima itafungua ukurasa wenye sharti la kuliweka gari katika hali salama.

Ujanja huu una ndugu zake. Breki na matairi ndiyo yaliyonifanya nikatae magari mengi kuliko kitu kingine, yakifuatwa na tairodi na boljointi zilizolegea, kisha taa. Na kwenye matairi wapo wanaoazima mapya asubuhi ya ukaguzi na kuyarudisha mchana, vipara vikarudi barabarani vikiwa na cheti. Nilianza kuwabaini kwa kusoma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi. Mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nikikuta gari kuukuu lina matairi yenye tarehe moja, nati za magurudumu zina mikwaruzo ya spana ya siku hiyohiyo, na tairi la akiba ni kipara chenye tope la barabarani, nilimwomba dereva anionyeshe risiti.

Ukishatengeneza, usiende moja kwa moja kwenye ukaguzi. Liendeshe likiwa tupu kilomita 10 hivi, ukikanyaga taratibu mara kwa mara ili brekishuu mpya zikae kwenye dramu. Simama, sogeza kiganja karibu na dramu za nyuma bila kuzigusa. Joto likilingana kulia na kushoto, rudi kwa mkaguzi yuleyule, na mpelekee ile silinda ya zamani na kipande cha bomba.