Maji ya chumvi kisimani: hesabu ya arobaini kwa mnaosomea Mwanza

Ukipewa kazi ya maji ya chumvi katika visima vya pwani, usianze kwa kulitazama ziwa. Ziwa Viktoria ni maji baridi. Kisima cha Kirumba kikivutwa kupita kiasi kinaweza kuita maji ya ziwa pamoja na uchafu wake, lakini chumvi ya bahari haiko huko. Mfano wako uwe Kigamboni au kwingine pwani.

Huko, maji ya mvua yaliyozama ardhini huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya nchi kavu. Lita ya maji baridi ina kilo 1.000, ya bahari kilo 1.025 hivi. Gawanya 1.000 kwa tofauti, 0.025, upate 40: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inasimamia mita 40 chini ya usawa huo.

Tuseme ardhi iko mita 6 juu ya bahari na kisima kina urefu wa mita 35, yaani kitako chake kiko mita 29 chini ya usawa wa bahari. Maji yametulia mita 4.8 kutoka juu, kwa hiyo yako mita 1.2 juu ya bahari. Maji baridi yanafika mita 48 chini. Kisima kiko salama. Mtaa ukichimba visima vingi na kuvuta kuliko mvua inavyorudisha, maji yatatulia mita 5.5. Sasa zimebaki mita 0.5 juu ya bahari, na maji baridi yanaishia mita 20. Maji yameshuka sentimita 70 tu, chumvi imepanda mita 28, na kitako cha kisima kimezama ndani yake.

Wengi huharibu hesabu hii kwenye kipimo cha kwanza. Kosa la nusu mita kwenye mwinuko wa ardhi linakuwa mita 20 kwenye jibu, kwa hiyo mwinuko wa kusoma kwenye simu haufai. Tumia kipimo cha wapima ardhi. Kina cha maji pimeni alfajiri kabla pampu haijawashwa, maana maji yaliyoshuka ndani ya bomba pampu ikivuta si kina cha eneo zima. Andika pia kwamba mpaka wenyewe si mstari: maji huchanganyika taratibu, na chumvi huchukua muda kufika.

Dalili itafute kwenye kloraidi. Bahari ina takribani miligramu 19,000 kwa lita, hivyo asilimia 2 tu ya maji yake huongeza 380, na ladha huanza kusikika karibu na 250. Chumvi ikipanda kadiri pampu inavyovuta, kisha ikapungua baada ya kuizima, inanyonywa kutoka chini. Hapo mwenye kisima hushauriwa achimbe zaidi, na ndiko chumvi iliko. Bora visima vifupi vilivyotawanyika, kila kimoja kikivuta kidogo.