Mumeo hajala mtaji, mmeula mezani

Shikamoo Shangazi. Nauza mchele wa Kyela hapa Mwanjelwa kwa pesa yangu niliyopata tulipovunja kikoba. Nilinunua kilo 200. Ukiweka na usafiri, kila kilo ilinifikia kwa shilingi 2,500, nami nauza 2,800. Mzigo uliisha siku 12, lakini pesa ya kununua mwingine haikutimia. Mume wangu huacha 10,000 ya matumizi kila siku, haitoshi, na mchele tunaokula ni wangu, kilo mbili kwa siku. Sasa anauliza pesa inakwenda wapi. Nahisi anautaka mtaji. Nimfiche?
Mama Wawili, Mbeya

Marahaba mwanangu. Pole kwa mzigo kukwama, lakini mumeo ameuliza swali la haki, na barua yako haimjibu.

Siku 12 kwa kilo mbili ni kilo 24. Zilizobaki kuuzwa ni 176, ambazo kwa 2,800 zinaleta 492,800. Mzigo ulikugharimu 500,000. Umeshapungukiwa 7,200, na ushuru wa soko na mifuko hatujaigusa. Hakuna aliyekuibia.

Tena kwenye ile 10,000 kuna pesa ya mchele. Kama mchele ulitoka kwenye gunia lako, pesa yake ilikwenda wapi? Nadhani uliitia kwenye mboga na mkaa, ukaona ni akiba, kumbe unalipia jikoni kwa mtaji. Ungeweka 5,000 kila siku kwenye kopo la biashara, leo ungekuwa na 552,800. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kuanzia mzigo ujao, nyumba yako iwe mteja. Ukipima kilo mbili za kupika, toa 5,000 kwenye matumizi papo hapo, uandike. Bei hiyo ya kununulia inatosha, huna sababu ya kumtoza faida baba watoto. Mauzo yapitie laini ya biashara peke yake, isiyopokea pesa ya nyumbani. Mzigo ukiisha, rudisha kwanza pesa ya mzigo mwingine, lipa ushuru, ndipo ujipe chako kwenye kinachobaki. Mtoto akiugua ukalazimika kuchota, andika kuwa ni deni la nyumba, na tarehe ya kulirudisha.

Kumficha? Hapana. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakuruhusu kuwa na mali yako mwenyewe, kwa hiyo huna unachokimbia. Ndoa za siku hizi zina tabia mbaya: kila mmoja anaficha simu, halafu wote wanalalamika kuwa hawaaminiani! Kutenganisha pesa hakuhitaji siri, kunahitaji hesabu inayosomeka.

Akirudi jioni, mwonyeshe hizo kilo 24. Ukiondoa 5,000 ya mchele, mboga, mafuta na mkaa vinabaki na 5,000. Kama kweli haitoshi, ataiona mwenyewe daftarini, na hapo ndipo umwombe aongeze.