Bei Yangu Nimeibandika Mlangoni

Jumanne saa 5:40 usiku binti mmoja wa Moshi aliniandikia. Ameanza kuwasomea watu nyota miezi minane iliyopita, sasa anapokea wateja ishirini kwa wiki, na bado anakopa sabuni dukani. Swali lake lilikuwa hili: "Mama, unamwambiaje mtu aliyekuja analia atoe pesa kwanza?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimjibu Jumatano saa 3 asubuhi, ninapofungua, na nilimwambia kwamba hilo ndilo jibu la kwanza. Mengine nayaandika hapa, maana si yeye peke yake anayeniuliza.

Kazi hii nimerithi kwa babu mzaa mama, kule Pangani. Babu hakuwa na bei. Mgeni aliweka kifungua mkoba chini ya mkeka, chochote alichojaliwa: sarafu, kuku, siku nyingine pishi ya mchele. Nami nilipoanza hapa Ngamiani, Tanga mjini, nikasema nitafuata nyayo zake. Nilichosahau ni kwamba babu alikuwa akipata watu watatu wanne kwa wiki, na alikuwa na minazi yake. Mimi nina chumba cha kupanga na mwenye nyumba asiyepokea kuku.

Watu wanadhani kusoma nyota ni dakika mbili. Ngoja niwaonyeshe. Amekuja kijana, Ali, mama yake Amina. Naandika majina kwa herufi za Kiarabu na kuzipa hesabu za abjadi. Ali ni aini 70, lamu 30, ye 10, jumla 110. Amina kwa alifu 1, mimu 40, nuni 50 na he 5 ni 96. Zote pamoja 206. Natoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka zinabaki 2, na mbili ni Thauri, nyota ya Ng'ombe. Rahisi, sivyo? Sasa muulize Ali kama jina la mama yake lina ye katikati. Kama linayo, Amina anakuwa 106, jumla inakuwa 216, inagawanyika bila baki, na asiyebaki na kitu anahesabiwa 12, nyota ya Hutu, Samaki. Herufi moja imemtoa kijana kwa Ng'ombe na kumtupa baharini! Kwa hiyo anampigia shangazi, shangazi anamtafuta mjomba aliyesoma chuoni, nasi tunasubiri. Robo saa imekwisha na sijasema neno hata moja la nyota.

Machi mwaka juzi niliamua kuandika kila kitu kwenye daftari kwa wiki moja. Watu 31. Kila mmoja robo saa ya majina, dakika 45 za maongezi, na robo saa nyingine ya kujibu ujumbe akishafika kwao. Hiyo ni karibu saa 39. Chini ya mkeka nilikuta 87,500. Yaani saa yangu moja ilikuwa shilingi 2,240 hivi. Jirani yangu msusi alicheka mpaka akaangusha kitana.

Na hizo saa 39 ni bila ujumbe wa sauti wa wale wasiofika kabisa. Wiki ile nilihesabu 64. Wote wanaanza hivihivi: "Shikamoo mama, swali dogo tu."

Bei niliyopanga ni 12,000 kwa kikao cha dakika 45, inalipwa kwa simu kabla hujafika. Wateja wanne kwa siku, siku tano. Nikaibandika mlangoni kwa karatasi. Wiki ya kwanza walikuja 11. Nililia, sitawaficha. Kisha nikapiga hesabu: 11 mara 12,000 ni 132,000, na nilikuwa nimelala mchana siku mbili. Leo napata 17 au 18, sitafuti zaidi. Asiye na kitu kabisa ana nafasi yake Alhamisi asubuhi, wawili tu, na hao siwapunguzii dakika. Kinachoua ni kupunguza bei mlangoni kwa kila anayekunja uso. Ukimpunguzia mmoja, kesho atakuja na dada yake, na dada yake anajua ulipokea ngapi.

Lakini bei ni nusu ya maneno. Kuna mama mmoja nilimsomea bure karibu mwaka mzima, kwa sababu tulizoeana. Swali lake lilikuwa moja, mume atarudi au hatarudi. Jumatatu anauliza atarudi lini, Jumatano anauliza kama anamkumbuka, Ijumaa kama yule mwanamke mwingine amemchoka. Mdogo wangu, jifunze kusikia hapo. Swali moja likija mara tatu kwa maneno tofauti, huyo hataki kusomewa, anataka kutulizwa, na wewe umegeuka dawa ya usingizi. Hesabu ya jina lake na la mama yake haibadiliki kati ya Jumatatu na Ijumaa. Kinachobadilika ni wasiwasi. Siku nilipomwambia asirudi na swali lile kabla ya siku 40, aliniita tapeli mbele ya watu sokoni. Mimi, niliyempikia uji! Bado inaniuma, sisemi uongo. Ila sheria ya siku 40 sijaiondoa, na siku hizi naisema mwanzoni mwa kikao cha kwanza, kabla mapenzi hayajaingia.

Mpaka mwingine hauna bei. Mwaka jana alikuja mzee mwenye adabu zake, ng'ombe wake wanakufa. Akaweka laki mbili mezani akataka jina la jirani anayemroga. Laki mbili, na mimi nadaiwa kodi. Nilimrudishia zote, nikamwambia ampeleke ng'ombe mmoja kwa daktari wa mifugo. Hiyo anayoitaka inaitwa ramli chonganishi. Jina ukilitaja leo, kesho kuna bibi kizee amekatwa mapanga. Sheria ya Uchawi, ile Sura ya 18, ipo tangu 1928, na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Msijidanganye kwamba wewe "umedokeza tu". Kusema "ni mtu wa karibu, mweusi, anakaa upande wa kusini" ni kutaja jina. Nimewaona wenzetu wakidokeza hivyo kwa elfu tano na kulala vizuri. Mimi siwezi, na nawashangaa.

Vivyo hivyo ugonjwa. Mwenye uvimbe, mwenye mimba inayotoka damu, anayesema amechoka kuishi, hao sifungui daftari. Naomba bodaboda na tunakwenda hospitali, na kama alishalipa namrudishia yote siku hiyohiyo. Kuna aliyeninunia kwa hilo, akasema namfukuza. Basi anune.

Kwa hiyo binti wa Moshi nilimwandikia: hesabu saa zako wiki moja kabla hujapanga bei, usichukue bei yangu, kodi ya Moshi si ya Tanga. Bandika karatasi. Zima simu saa 12 jioni. Akajibu kwa mikono mingi ya kushukuru na akasema amenielewa sana.

Jana saa 4 usiku akaandika tena: "Shikamoo mama, swali dogo tu." Nimeliona leo, saa 3.