Kumwandikia mteja mliyepoteana

"Nilimtengenezea tovuti mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, sasa miezi sita hatujawasiliana. Nimwandikieje bila kuonekana naomba kazi?"

Mkuu, kabla hujaandika chochote, fungua tovuti yake kwenye simu ubonyeze kila kitu kama mgeni anayetafuta chumba. Anza na kitufe cha WhatsApp. Wenye biashara wakibadilisha namba huiandika kama wanavyoitaja, `wa.me/07XXXXXXXX`, na mazungumzo hayafunguki. Inatakiwa ianze na namba ya nchi, bila sifuri wala alama ya kujumlisha: `wa.me/2557XXXXXXXX`.

Ukikuta hilo, barua yako imepatikana. Kichwa kitaje tatizo lenyewe: "Kitufe cha WhatsApp kwenye tovuti yako hakifunguki". Kichwa cha "Salamu" anaweza asikifungue kabisa. Ndani:

"Shikamoo mama. Leo nimepita kwenye tovuti yako nikaona kitufe cha WhatsApp hakimfikishi mgeni kwako, kwa sababu namba imeanza na 0 badala ya 255. Linki sahihi ni hii hapa chini. Anayekusimamia tovuti ataibandika tu. Ukipenda niirekebishe mimi, nijibu, hakuna malipo."

Ishia hapo. Weka picha moja ya skrini, bei mpya ziache. Hizo ndizo zinazogeuza msaada kuwa tangazo, na mama wa biashara anazinusa mbali.

Kitufe kikiwa kizima, jaza fomu ya kuulizia nafasi umwombe athibitishe kama imemfikia. Nayo ikiwa sawa, angalia tarehe ya kuisha kwa jina la tovuti. Usipokuta kitu, usimwandikie kwanza.