Pima uzito kabla ya kuhesabu vidonge: dozi ya kifua kikuu kwa watoto

Nimekuwa muuguzi katika kliniki ya kifua kikuu huku Pwani ya Kenya tangu enzi za kuvunja vidonge vya watu wazima na kuvisaga, huku mama akibaki kukisia kama mtoto amepata nusu au robo. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kuanza kutumia dawa mseto mpya za watoto nchini kote, mwaka 2016, na kazi hiyo ya kukisia ikatuondokea. Kilichobaki ni kosa jingine, la kimyakimya zaidi, ambalo nami nimelifanya.

Kidonge kimoja cha miezi 2 ya kwanza kina rifampisini miligramu 75, isoniazidi 50 na pirazinamidi 150, na huyeyuka majini. Idadi hufuata uzito, wala si umri. Mtoto wa kilo 4 hadi asiyefika 8 hupewa kimoja kwa siku. Wa kilo 8 hadi asiyefika 12, viwili. Wa kilo 12 hadi asiyefika 16, vitatu. Na wa kilo 16 hadi asiyefika 25, vinne. Akifika kilo 25 huhamia vidonge vya watu wazima. Chini ya kilo 4 dozi hupangwa na daktari, na mzazi asijaribu kukata kidonge mwenyewe. Ethambutoli, mtoto anapoandikiwa, huja katika kidonge cha peke yake.

Kosa langu lilitokea kwa binti mmoja aliyeletwa na bibi yake. Alianza matibabu akiwa na kilo 7.4, akapewa kidonge kimoja. Baada ya wiki nne hamu ya kula ilikuwa imerudi na mizani ikasoma kilo 8.2. Niliandika uzito huo kwenye kadi, nikafurahi, kisha mkono ukanakili "1" kutoka mstari wa juu. Nilikuja kuligundua wiki mbili baadaye nilipokuwa nikikagua kadi, nikampigia bibi simu siku hiyohiyo.

Tazama rifampisini peke yake. Mtoto anahitaji takriban miligramu 15 kwa kila kilo, na kiwango kinachokubalika ni kati ya 10 na 20. Kwa kilo 7.4, kidonge kimoja kilimpa kama 10, yaani alikuwa tayari ukingoni, kwa sababu mtoto aliye karibu na mwisho wa kundi lake ndiye anayepata dawa kidogo zaidi kwa kila kilo. Alipofika kilo 8.2, kidonge hichohicho kikawa kinampa 9 tu, ilhali viwili vingempa 18. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa akinenepa mbele ya macho yetu ndiye aliyekuwa akipungukiwa na dawa, na hakuna dalili ambayo bibi angeiona.

Tangu siku hiyo napima kwanza, naisoma jedwali upya, kisha ndipo naandika idadi bila kuangalia mstari uliopita. Mizani ya kuning'iniza nairudisha kwenye sifuri ikiwa na suruali yake tupu, na mtoto namvua nguo na nepi, kwa kuwa nepi iliyolowa inaweza kumvusha kundi mtoto wa kilo 7.8. Nanyi wazazi, ulizeni kila mnapokuja: "Mtoto ana kilo ngapi leo, na vidonge ni vingapi?" Uzito ukishuka, msipunguze dawa wenyewe, kushuka huko kunatafutiwa sababu.

Bibi aliporudi nilimwomba anioneshe anavyoandaa dawa. Alijaza kikombe cha chai hadi juu. Mtoto akanywa nusu, akakataa, na chini ya kikombe kukabaki unga. "Mwanangu, huwa tunammalizia jioni," akaniambia. Nilimweleza kwamba maji yanayotosha ni mililita 50, ambayo ni kama vijiko kumi vidogo vya dawa; avikoroge vidonge vyote ndani yake, ampe mtoto kabla dakika 10 hazijapita, kisha atie maji kidogo, asuuze kikombe na kumnywesha hayo pia. Mchanganyiko hauwekwi hadi jioni.

Baada ya miezi 2 alihamia kwenye kidonge cha rifampisini na isoniazidi pekee. Hapo nilimwomba bibi arudishe vidonge vyote vya awali vilivyosalia nyumbani, kwa maana vina majina yanayokaribiana, na nikampima tena: kilo 8.9, vidonge viwili bado.