Disk 100%: kabla hujanunua kadi ya grafiksi, angalia RAM

Kompyuta za mezani ninazoletewa nyingi ni za ofisini zilizokwisha tumika: Core i5 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Mwenyewe huja ameshaamua kwamba tatizo ni grafiksi, kwa sababu anachokiona ni skrini kuganda.

Wa karibuni ana stesheneri. Anachapa barua, anasafisha picha za pasipoti kwenye Photoshop, na Chrome yake haifungwi tangu asubuhi. "Fundi, niwekee kadi ya grafiksi, hii imechoka." Nikamwomba kwanza afungue kila kitu anachokuwa nacho wateja wakijaa, maana kompyuta iliyotulia haikuambii lolote. Kisha nikabonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, nikaingia Performance.

GPU, yaani grafiksi, ilikuwa chini ya asilimia 10, na CPU, yaani prosesa, haikufika 40. Kwenye Disk ndiko kulikowaka: 100%, huku Average response time ikipita milisekunde 400 na data inayosomwa haifiki hata MB 3 kwa sekunde. Hapa wengi husema basi, nunua SSD, diski isiyozunguka. Mimi huwa nafungua Memory kabla sijasema neno.

Kwake ilisomeka 3.6 kati ya 3.9 GB, na pale palipoandikwa Committed palikuwa na 7.1. Maana yake programu zilikuwa zimeahidiwa karibu mara mbili ya RAM iliyopo. Windows ikikosa nafasi huhamishia sehemu ya data kwenye faili la pagefile.sys, lililoko kwenye diski, na kuirudisha kila unapohama kutoka dirisha moja kwenda jingine. Diski ya kuzunguka huchukua milisekunde kumi na kitu kufika panapotakiwa, kwa hiyo ikiombwa vipande vidogo vilivyotawanyika haiwezi kuhudumia zaidi ya mia moja hivi kwa sekunde. Diski ilikuwa imebebeshwa mzigo wa RAM.

Ili kujua kosa ni la nani, washa upya, subiri kama dakika kumi Windows imalize shughuli zake za mwanzo, kisha fungua programu moja tu. Diski ikibaki 100% na RAM ina nafasi, tatizo liko kwenye diski yenyewe, au kuna kazi ya chinichini kama masasisho au antivairasi. Ipime pia afya kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ikiandika Caution, nakili kazi zako kwanza, mambo ya kasi baadaye. Kwa huyu bwana diski ilitulia kabisa. Nikaazima kipande kingine cha DDR3 cha GB 4, tukafungua kila kitu tena: kuhama kati ya Photoshop na Chrome kukawa kwepesi. Ila Photoshop yenyewe ilichelewa kufunguka vilevile, na huo sasa ndio uzito halisi wa diski.

Kama fedha inatosha kitu kimoja, kwa hali kama hii ningeanza na RAM. SSD peke yake ingemfurahisha pia, sikatai, lakini ingeficha upungufu tu, na siku akifungua picha kubwa ungejitokeza. Aliye na GB 8 tayari, na Committed yake iko chini ya hapo, aende moja kwa moja kwenye SSD.

Kadi ya grafiksi ina haki yake pale GPU inapokaa karibu na 100% wakati wa kazi. Kwenye mashine za zamani zaidi grafu hiyo huenda isionekane. Hapo punguza rezolusheni ya gemu. Picha zikiwa nyepesi ghafla, grafiksi ndiyo iliyozidiwa. Zisipobadilika, shughulikia prosesa, kadi haitakusaidia. Na pima kasha kabla ya kulipa: makasha membamba yanataka kadi fupi, na pawasaplai za ofisini mara nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi, hivyo unabaki na wati 75 za tundu lenyewe la kadi.

Kuna jambo la umri pia. Windows 11 haikitambui rasmi kizazi cha nne, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana nilimwambia atafute RAM iliyotumika kwa bei ndogo, kwa kuwa DDR3 haitaingia kwenye mashine ya DDR4 atakayonunua baadaye, na akijaliwa fedha anunue SSD mpya ya SATA, ambayo anaweza kuihamisha. Asichukue RAM za seva zinazouzwa rahisi, zile zilizoandikwa Registered: kwenye kompyuta ya kawaida kama yake hazitawaka.