Muuguzi, tenganisha leseni, vyeti na uzoefu wa wodi kwenye wasifu wako

Nilianza kama muuguzi wa ICU, baadaye nikahamia kazi ya kuchambua maombi ya wauguzi kabla hayajafika kwa msimamizi wa wodi. Kitu kilichonichosha kuliko vyote ni ile sehemu ya wasifu inayoitwa "Sifa na Vyeti". Mtu anarundika humo stashahada, leseni, kadi ya BLS, semina ya siku moja ya kuzuia maambukizi na "uzoefu wa ICU", vyote kwenye orodha moja, vingi bila tarehe. Anayechambua ana maswali matatu tu: huyu anaruhusiwa kisheria kufanya kazi, anaweza kupangwa wodi gani, na karatasi zake zinaisha lini? Orodha ya namna hiyo haijibu hata moja.

Leseni ikae peke yake, juu kabisa, chini ya jina. Hiyo ndiyo ruhusa ya kisheria, na bila hiyo mengine yote hayasomwi. Andika cheo kama kilivyo kwenye leseni, baraza lililoitoa, nchi au jimbo inakotumika, hali yake, na tarehe ya kuisha. Neno "hali" wengi wanaliruka, ilhali kwenye rejesta leseni inaweza kuwa hai, imeisha muda, imesimamishwa au ina masharti. Kama yako ina masharti, sema mwenyewe mapema, kwa sababu mwajiri makini hategemei nakala uliyomtumia. Atafungua rejesta ya baraza na kuyaona hapo hapo.

Kufaulu mtihani wa leseni nako kusichanganywe na kuwa na leseni. Nimeona wasifu wa waombaji wa kwenda nje ukiwa na "NCLEX-RN" kwenye sehemu ya leseni, kumbe mtu amefaulu mtihani lakini bado hajapewa leseni na bodi ya jimbo lolote la Marekani. Ni hatua kubwa, na inafaa kutajwa, ila iandikwe hivi: "NCLEX-RN: nimefaulu, maombi ya leseni yanashughulikiwa." Msomaji anajua uko wapi na anaweza kupanga muda wake.

Namba ya leseni ina mjadala kidogo. Ukituma maombi moja kwa moja kwa hospitali, iweke, maana inaharakisha uhakiki. Kwenye wasifu unaoupandisha mtandaoni ambako yeyote anausoma, mimi ningeiacha na kuandika kwamba itatolewa ikiombwa. Jina kamili na namba ya leseni vikikaa pamoja hadharani vinamrahisishia kazi mtu anayetaka kujifanya wewe.

Baada ya leseni ndipo vije vyeti, na hapa kuna vya aina mbili ambavyo havifai kulala kitanda kimoja. Kuna cheti cha ubobezi, kinachotolewa na chombo cha kitaaluma baada ya mtihani, mara nyingi kwa sharti la saa za kazi. Mfano ni CCRN ya uuguzi wa wagonjwa mahututi. Njia moja ya kuruhusiwa kuufanya mtihani wake ni kuwa na saa 1,750 za kuwahudumia wagonjwa hao katika miaka 2 iliyotangulia, na saa 875 kati ya hizo ziwe za mwaka wa karibuni. Mwajiri anayekifahamu anaposoma herufi hizo nne pamoja na tarehe, anajua ulipokifanyia mtihani ulikuwa kazini ukihudumia wagonjwa. Cheti hicho hudumu miaka 3. Tarehe ya kuisha ikikosekana, hawezi kujua kama bado unacho.

Aina ya pili ni kadi za huduma ya dharura, kama BLS na ACLS. Za American Heart Association hudumu miaka 2, hadi mwisho wa mwezi zilipotolewa. Kosa ninalolikuta sana ni mtu kuambatisha cheti cha sehemu ya mtandaoni akidhani ndiyo kadi. Kozi zao za kujisomea mtandaoni zina sehemu ya vitendo ambayo lazima uifanye na kupimwa. Kadi hutolewa baada ya hapo, na kadi ya kielektroniki ina namba ambayo mwajiri anaweza kuihakiki kwenye tovuti yao. Ukituma cheti cha sehemu ya mtandaoni, faili lako linasimama mpaka utume kadi yenyewe, na wakati huo nafasi inaweza kuwa imepata mtu.

Semina na warsha ziende chini kabisa, zile tu zinazohusiana na wodi unayoomba. Nyingine zifute bila huruma.

Ubobezi wenyewe ndio wenye kazi. Nilimsaidia muuguzi mmoja aliyekuwa ameandika: "Mbobezi wa ICU na dayalisisi, vyeti mbalimbali." Nikamuuliza anamaanisha nini. Ikatoka kwamba amefanya kazi miaka 4 katika ICU ya watu wazima yenye vitanda 10, kwa kawaida akiwa na wagonjwa 2 kwa zamu. Mashine za kupumulia alikuwa anazihudumia kila zamu, pamoja na dawa za kupandisha presha kwa pampu. Dayalisisi aliifanya kwa miezi 3 ya kuzungushwa kati ya vitengo, chini ya usimamizi, na hana cheti chake. Cheti cha ubobezi wa ICU pia hakuwa nacho, alikuwa amejiandikisha tu kwa mtihani.

Tuliandika upya hivi:

Leseni: Muuguzi msajiliwa, hai, inaisha Desemba 2026.

Kadi: BLS na ACLS, zote zinaisha Agosti 2026.

Eneo kuu la kazi: ICU ya watu wazima, vitanda 10, miaka 4, wagonjwa 2 kwa zamu. Ninafanya bila msimamizi: kuhudumia mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, kuongeza na kupunguza dawa za presha kwa pampu kulingana na maagizo, kutunza mirija ya mishipa mikuu.

Uzoefu wa ziada: dayalisisi, miezi 3 chini ya usimamizi.

Kinachoendelea: nimejiandikisha kwa mtihani wa CCRN.

Neno "mbobezi" limetoweka, na hakulihitaji. Msimamizi wa ICU akisoma mistari hiyo anajua mtu huyu atahitaji kuelekezwa kidogo tu, na wa kitengo cha dayalisisi anajua atahitaji mafunzo kamili. Ile "bila msimamizi" na "chini ya usimamizi" ndiyo ninayoitafuta kwanza mimi, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha hatari iko wapi. Kama ujuzi fulani hujaugusa kwa miaka kadhaa, taja mwaka wa mwisho ulipoufanya.

Kuhusu herufi zinazofuata jina, mpangilio unaopendekezwa na ANCC, chombo cha Marekani kinachotoa vyeti vya wauguzi, ni shahada kwanza, kisha leseni, kisha vyeti vya ubobezi: BSN, RN, CCRN. Shahada hutangulia kwa sababu ni nadra mtu kunyang'anywa, ilhali leseni na vyeti lazima vihuishwe. BLS haiwekwi hapo.

Mwisho kabisa, linganisha jina. Kama leseni ina jina la kabla ya ndoa na kadi ya ACLS ina jina jipya, mhakiki atatafuta kwenye rejesta na asikuone. Tumia jina la kwenye leseni kichwani mwa wasifu, andika jina jingine kando yake, na uambatishe cheti cha ndoa au hati ya kubadili jina kabla hujaombwa. Mafaili nayo yaitwe kwa jina lako, aina ya karatasi na mwezi wa kuisha. Faili linaloitwa "scan0012" mimi nililiacha hadi mwisho wa siku.